Hisa 300, kol na puti: kipi kinalipa na kipi kinalinda

*"Mimi ni muuguzi Houston. Nina hisa 300 za kampuni kubwa ya Marekani, nilizinunua 2021 kwa dola 62 kila moja, leo ziko dola 100. Mwenzangu kazini ananiambia niuze kol kila mwezi nipate kama dola 500 za kutuma nyumbani. Anasema ni hela ya bure kwa sababu hisa ni zangu tayari. Mume wangu anasema tununue puti kwanza, maana miezi sita ijayo tunahitaji dola 12,000 kumalizia nyumba Kibaha. Tufanye lipi? Na hisa zangu za CRDB kule DSE, naweza kuzifanyia hivyo pia?"*

Dada, nianze na kile mwenzako anachokiita hela ya bure, maana neno hilo ndilo litakalokugharimu.

Chukulia una kiwanja Kibaha. Anakuja mtu anakwambia: "Nipe haki ya kukinunua kwa milioni 21, wakati wowote ndani ya siku 35. Kwa haki hiyo nakupa kishika uchumba cha laki tatu, na hukirudishi hata nisiponunua." Ukikubali, laki tatu ni yako kweli. Lakini kiwanja kimebadilika. Lami ikitangazwa kupita hapo na bei ikafika milioni 30, mwenzio atakuja na milioni 21 zake na utampa. Bei ikiporomoka, hatokei, na wewe unabaki na kiwanja kilichoshuka thamani pamoja na laki tatu zako. Ulichouza si kiwanja. Umeuza sehemu ya juu ya bei yake, na sehemu ya chini umebaki nayo yote.

Kol ni mkataba huo huo juu ya hisa, na kol na puti kwa pamoja huitwa opsheni. Kishika uchumba chake kinaitwa premiamu, na mkataba mmoja wa opsheni za hisa Marekani unabeba hisa 100, kwa hiyo hisa zako 300 zinatosha mikataba mitatu. Tufanye hesabu kwa bei zinazoendana na hisa ya kawaida ya dola 100 isiyo tulivu sana wala ya vurugu: kol yenye bei ya mkataba dola 105, inayokoma baada ya siku 35, inaweza kukulipa dola 1.60 kwa kila hisa. Mikataba mitatu ni dola 480, ukitoa ada ya broka ambayo mara nyingi ni senti 65 kwa mkataba. Kwa hiyo mwenzako hakukudanganya kuhusu zile dola 500. Amekuacha tu bila kukwambia zinalipia nini.

Siku ya mwisho ya mkataba hisa ikiwa dola 103, hakuna anayetaka kununua kwa 105, na 480 zako zinabaki nawe. Hii ndiyo hali anayokusimulia. Ikiwa dola 118, hisa zako zinachukuliwa kwa 105, na ukijumlisha premiamu umepata 106.60. Umeachia dola 11.40 kwa hisa, yaani dola 3,420 kwa zote. Ikiwa dola 80, umepoteza 20 kwa hisa na premiamu imekurudishia 1.60 tu. Hasara ni dola 5,520 badala ya 6,000. Anayekwambia kuuza kol ni kinga, mwambie akuonyeshe mstari huu wa mwisho.

Hapo bado hatujafika kwenye shimo lenyewe. Linakuja mwezi wa pili.

Hisa imeshuka hadi 80. Wewe umezoea kutuma hela nyumbani kila mwezi, lakini kol ya 105 sasa haina mnunuzi wa maana, inalipa senti chache. Ili upate premiamu inayofanana na ile ya mwanzo inabidi ushushe bei ya mkataba hadi 85. Kwa kuwa soko limeingiwa na hofu, premiamu zimepanda, na unapewa 1.90. Unauza. Mwezi huo hisa inarudi dola 100, pale pale ilipokuwa ulipoanza. Wewe hisa zako zinachukuliwa kwa 85. Jumlisha premiamu mbili: 85, na 1.60, na 1.90, unapata 88.50. Jirani yako ambaye hakufanya lolote ana hisa ya dola 100. Wewe umepungukiwa dola 11.50 kwa hisa, jumla dola 3,450, katika miezi miwili ambayo hisa imeishia bei ile ile iliyoanza nayo. Ulishuka nayo ikishuka, ukajifungia mlango ilipopanda.

Jambo hili haliwapati wazembe peke yao. Cboe, soko la opsheni la Chicago, lina kipimo kinachoitwa BXM ambacho kinafanya kitu kimoja tu: kinashika hisa za kampuni kubwa za Marekani zilizo kwenye kipimo cha S&P 500 na kuuza kol ya mwezi mmoja kila mwezi, bila hofu wala tamaa. Mwaka 2008 S&P 500 ilipoteza asilimia 37 pamoja na gawio, na BXM ikapoteza karibu asilimia 29. Premiamu zilisaidia kidogo, lakini shimo lilibaki shimo. Mwaka 2013 soko lilipanda asilimia 32, na BXM ikapata karibu asilimia 13. BXM inauza kol kwa bei iliyo karibu kabisa na bei ya soko, kwa hiyo inaachia zaidi ya utakavyoachia wewe kwa 105, ila umbo ni hilo hilo.

Tena kuna njia rahisi ya kuipima ahadi yoyote ya mapato ya namna hii. Dola 500 kwa mwezi juu ya hisa za dola 30,000 ni asilimia 20 kwa mwaka. Soko lisingelipa kiasi hicho kama hakuna mtu anayebeba hatari kwa niaba ya mwingine, na anayeibeba ni wewe.

Sasa nije kwa mume wako. Puti ni bima, na ukiifikiria kama bima kubwa ya gari huwezi kupotea. Unalipa premiamu, unapata haki ya kuuza hisa zako kwa bei fulani hadi tarehe fulani, hata soko likianguka vipi. Puti yenye bei ya mkataba dola 90, ya miezi sita, kwa hisa hii inaweza kugharimu dola 3.60. Kwa hisa zote 300 ni dola 1,080, na unazilipa leo.

Angalia bima hii inashika wapi. Kutoka 100 hadi 90 hasara ni yako mwenyewe, kama kile kiasi cha kwanza ambacho kampuni ya bima hukuachia ulipe gari likigongwa. Chini ya 90 ndipo inaanza kukulinda. Ukitoa na premiamu, hata hisa ikifika 50 hutapata chini ya dola 86.40 kwa kila moja. Hisa ikipanda hadi 118, zote ni zako, umepungukiwa 3.60 tu. Kinachouma ni pale bei isipokwenda popote: miezi sita imepita, puti imekufa, na 1,080 hazipo. Ukiikata kila miezi sita, unalipa zaidi ya asilimia 7 kwa mwaka, na hisa nyingi kwa wastani hazikui haraka kiasi cha kumudu bima hiyo milele. Puti inafaa kwa hatari yenye tarehe. Kwa kushika hisa miaka kumi haifai.

Na usisubiri soko lianze kuanguka ndipo uinunue. Bei ya opsheni inategemea sana jinsi watu wanavyotarajia hisa itayumba. Siku za hofu, puti hupanda bei hata kwa umbali ule ule kutoka bei ya soko. Ni kama kwenda kukata bima ya nyumba wakati jikoni kunafuka moshi.

Kwa hiyo lipi? Kwa zile dola 12,000, jibu langu ni kwamba msiuze kol wala msinunue puti. Uzeni hisa.

Nieleze kwa nini, maana najua si jibu mlilolitarajia. Hela hiyo ina tarehe. Miezi sita ijayo fundi anataka kulipwa, na hamtaweza kumwambia asubiri hisa ipande. Puti ingewalindia dola 86.40 kwa hisa. Mkiuza leo mnapata 100. Mume wako pengine anaogopa kodi, na ni hofu ya haki, basi tuihesabu. Ulinunua kwa 62, faida ni dola 38 kwa hisa. Kwa kuwa umezishika zaidi ya mwaka mmoja, kodi ya shirikisho kwa familia nyingi ni asilimia 15 ya faida hiyo, yaani dola 5.70, na Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Unabaki na 94.30 kwa kila hisa. Hisa 128 zinakupa dola 12,070 mkononi. Kama kipato chenu kinachotozwa kodi ni kidogo, kiwango hicho kinaweza hata kuwa sifuri.

Na hiyo kodi hamuikwepi kwa kununua puti. Miezi sita ijayo mtauza tu ili mumlipe fundi, na kodi itadaiwa siku hiyo. Puti ingekuwa gharama ya pili juu ya ile ya kwanza. Tofauti pekee ni kama mauzo yanaangukia mwaka mwingine wa kodi, na hilo mtayarishaji wako wa kodi atakwambia kwa dakika tano kama lina faida kwenu. Hela mkishaipata, iwekeni kwenye hati fungani za muda mfupi za serikali ya Marekani zinazoiva kabla ya siku ya fundi, au akaunti ya akiba yenye bima ya FDIC.

Kuna hali ambayo ningekubaliana na mume wako: kama kuna sababu ya kweli ya kutouza leo. Mfano, mnasubiri Januari ifike kwa ajili ya kodi. Hapo puti ya miezi miwili, kwa hisa zile tu mtakazouza, ni bima ya busara. Lakini mtu aliyenunua hisa chini ya mwaka mmoja uliopita asinunue puti kabla ya kumuuliza mtaalamu wa kodi. Kwa sheria za Marekani, puti ikinunuliwa kabla ya mwaka kutimia, hesabu ya muda wa kushika hisa hufutwa na kuanza upya puti ikishaondoka, na faida inaweza kuangukia kwenye kiwango cha juu cha kodi. Wewe wa 2021 hili halikugusi.

Unabaki na hisa 172. Hizi hazina tarehe, na hapa kol inaweza kuwa na nafasi, ila si kwa sababu ya dola 500. Hisa 172 zinatosha mkataba mmoja tu, maana 72 zilizobaki hazifiki 100. Mkataba mmoja ni dola 160 hivi kwa mwezi, na hiyo ndiyo picha ya kweli ya mapato yako. Swali la kujiuliza kabla ya kuuza ni moja: "Je, leo hii niko radhi kuuza hisa hizi 100 kwa dola 105?" Kama moyo unasema ndiyo, hata bila premiamu, uza kol. Utalipwa kwa kusubiri jambo ambalo ungelifanya hata hivyo. Kama unasema hapana, nazipenda, nazishikia watoto, usiuze, kwa sababu siku zitakapochukuliwa utakuwa umeuza kitu usichotaka kukiuza, na kodi ya faida ya dola 43 kwa hisa, na premiamu juu yake, itakujia mwaka ambao hukuuchagua.

Ukiamua kuuza, nenda hivi. Kwanza omba broka akufungulie opsheni. Kuuza kol juu ya hisa ulizonazo huwa kwenye ngazi ya chini kabisa ya ruhusa. Akikupa ngazi ya juu zaidi, usiitumie. Fungua orodha ya opsheni za hisa yako, chagua tarehe ya wiki nne hadi sita. Mikataba ya kawaida ya mwezi hukoma Ijumaa ya tatu. Kwenye kila mstari utaona bei mbili, `Bid` na `Ask`. Ikiwa ni 1.50 na 1.70, usiuze kwa agizo la bei ya soko, utapewa 1.50. Weka agizo la `Limit` la 1.60 na usubiri, mara nyingi linajibiwa. Ukiona pengo ni kubwa, kwa mfano 1.10 na 2.00, achana nayo, biashara yake ni hafifu na utaumia unapoingia na unapotoka. Agizo lenyewe linaitwa `Sell to Open`. Hakikisha skrini inasema `Covered Call` na idadi ni 1. Opsheni zinahesabiwa kwa mikataba, na wapo walioandika 100 wakidhani wanahesabu hisa.

Kuanzia hapo, hisa zile 100 zimefungwa. Ukitaka kuziuza kabla ya tarehe, nunua kwanza kol yako kwa `Buy to Close`, kisha uza hisa. Ukigeuza utaratibu huo utabaki unadaiwa hisa ambazo huna, na hasara ya hali hiyo haina kikomo. Broka wengi hukuzuia, lakini usitegemee kuzuiwa.

Jambo moja huwashtua wengi. Kol za hisa Marekani zinaweza kutumiwa siku yoyote, si siku ya mwisho tu. Kawaida mnunuzi husubiri, isipokuwa gawio linapokaribia. Mfano hisa iko 108 na kol yako ya 105 inauzwa 3.20. Dola 3 kati ya hizo ni tofauti ya 108 na 105, kwa hiyo kilichobaki kwa ajili ya muda ni senti 20 tu. Kesho ndiyo siku ya kwanza ambayo mnunuzi wa hisa hapati gawio, na gawio ni senti 60. Mwenye kol ataona bora aitumie leo achukue senti 60 kuliko kushikilia senti 20. Asubuhi utaamka huna hisa wala gawio, una dola 10,500 kwenye akaunti. Basi siku mbili kabla ya tarehe hiyo, toa hesabu hii. Kama sehemu ya muda ni ndogo kuliko gawio na hutaki kuachia hisa, funga kol mapema. Tarehe ya ripoti ya faida ya kampuni nayo iangalie: premiamu ikionekana nono kuliko kawaida, mara nyingi ni kwa sababu ripoti iko ndani ya siku hizo, na bei inaweza kuruka asubuhi moja.

Puti nayo ina jambo lake siku ya mwisho. Ikiwa hisa iko chini ya bei ya mkataba hata kwa senti moja, haki hutumika yenyewe na hisa zako huuzwa. Kama ulitaka bima tu na hisa uendelee nazo, uza puti kabla soko halijafunga Ijumaa hiyo, uchukue thamani yake kama fedha.

Kuna pia njia ya kuunganisha vyote viwili, ambayo mume wako huenda ameisikia: kununua puti ya 90 kwa 3.60 na kuuza kol ya 115 ya miezi sita hiyo hiyo kwa karibu 3.50. Bima inakugharimu senti 10 kwa hisa, na bei yako imewekewa sakafu na dari. Kwa mtu ambaye mali yake yote iko kwenye hisa moja na hawezi kuiuza haraka, naipenda kuliko kol au puti ikiwa peke yake. Kwenu, ukishatoa zile 128, sioni kama inahitajika.

Hisa za CRDB huwezi kuzifanyia hivi. Soko la Dar es Salaam halina soko la opsheni za hisa, na mwekezaji wa kawaida hana pa kuuzia kol pasipokuwa na soko linalosimamia mkataba. Nairobi ilianzisha soko lake la NEXT mwaka 2019, lakini ilianza na mikataba ya bei za baadaye, ambayo inakubana kununua au kuuza badala ya kukupa haki. Hivyo si mbadala wa bima hii. Mtu akikupigia simu kutoka Dar kukuuzia "kol ya CRDB", kata simu.

Kabla ya mkataba wa kwanza, kaa uso kwa uso na mtaalamu wa kodi aliyewahi kujaza fomu za opsheni. Si kila anayejaza kodi za mishahara anazijua. Nenda na taarifa ya broka inayoonyesha tarehe na bei ya ununuzi wa kila fungu la hisa zako, kwa sababu kama gawio limekuwa likinunua hisa nyingine kila robo mwaka, baadhi ya hizo 300 si za 2021 wala za dola 62, na utataka kumwelekeza broka auze fungu lipi kwanza. Na kama sehemu yake ulipewa na mwajiri, soma sera ya kampuni kabla ya kugusa lolote: nyingi zinawakataza wafanyakazi opsheni juu ya hisa zao wenyewe.